Uzi: Karanga nilizosaga mwenyewe kalori 567, za chupa 614. Nani ananidanganya?

Katuba_Chuma, Jumapili saa 1:10 usiku

Yambo sana wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Nanyanyua chuma, na kocha amenipa kazi ya kuandika kila ninachokula: protini, mafuta, wanga. Bukari hainisumbui, samaki hanisumbui. Kinachonisumbua ni karanga.

Jana nilinunua karanga zilizobanguliwa soko la Kenya (Kenya ya hapa mjini, jamani, si nchi). Nilipima kwenye balansi ya jikoni, gramu 1,000 kamili. Nikazikaanga kwa sufuria kavu, nikazifikicha na kupepeta maganda, nikapeleka kwa mwenye mashine ya kusaga. Nimerudi nyumbani na gramu 890. Sikutia chumvi, mafuta wala sukari.

Programu ya simu yangu inatumia jedwali la Wamarekani. Niliandika "karanga mbichi" na ikanipa hivi kwa gramu 100: kalori 567, protini 25.8, mafuta 49.2, wanga 16.1.

Dukani mjini kuna chupa ya karanga za kusaga kutoka Ulaya. Etiketi yake ya Kifaransa inasema karanga za kukaanga asilimia 100, hakuna kingine. Kwa gramu 100: 2542 kJ, kalori 614, lipidi 51, glusidi 6.9, fibri 8.3, protini 29.

Karanga ni karanga. Mbona zao zina protini zaidi na wanga haufiki hata nusu ya wangu? Nimeanza kumshuku mwenye mashine, labda anachanganya na bunga ya muhogo iliyobaki humo ndani.

Kivu_Moja, saa 1:32 usiku

Ndugu, hayo ni matatizo ya soko. Sisi hapa Goma tunapima kwa gigozi, na muuzaji anajua kuibonyeza ndani ili ibebe kidogo. Siku hizi nanunua kwa kilo tu. Tafuta muuzaji mwaminifu.

Katuba_Chuma, saa 1:35 usiku

Papa, balansi ni yangu na kilo nimeipima mwenyewe. Swali si uzito wa sokoni.

Yaya_Bijou, saa 2:04 usiku

Leki, mwache mwenye mashine apumzike. Umefanya kosa ambalo hata mimi nililifanya nilipoanza kuuza maandazi: umechukua namba za karanga mbichi ukazibandika kwenye karanga za kukaanga. Karanga ikikaangwa inapoteza maji, na maji hayana kalori, kwa hiyo kinachobaki kinakuwa kizito zaidi kwa kila gramu.

Fanya hivi. Kilo yako nzima ilikuwa na protini gramu 258. Umebaki na gramu 890. 258 ugawe kwa 890 mara 100, unapata 29.0. Etiketi inasema ngapi? 29! Hesabu imekwisha, nenda kalale.

Katuba_Chuma, saa 2:11 usiku

Yaya, umeniokoa. Aksanti!

Fundi_Maabara, saa 3:20 usiku

Msilale bado. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya kiwanda cha chakula, kazi yangu ilikuwa hizohizo namba za nyuma ya pakiti. Yaya Bijou amesema kweli kuhusu maji, lakini hiyo 29 yake ni bahati tu. Jaribuni njia hiyohiyo kwenye mafuta: gramu 492 ugawe kwa 890, unapata 55. Etiketi inasema 51. Kalori nazo zinakuwa 637, na chupa inasema 614. Njia ingekuwa sahihi, isingelenga kwenye protini ikakosa kwenye mafuta.

Kosa liko kwenye ile 890. Katuba, zile gramu 110 zilizopotea zilipotelea wapi? Ulipima baada ya kukaanga, kabla ya kupepeta?

Katuba_Chuma, saa 3:27 usiku

Nilipima, kila kitu kiko kwenye kayee. Baada ya kukaanga na kupoa: 955. Baada ya kupepeta: 925. Kutoka mashineni: 890.

Fundi_Maabara, saa 3:51 usiku

Laiti wateja wangu wa zamani wangekuwa na kayee kama yako.

Angalia sasa. Gramu 45 za kwanza ni maji, zimekwenda na mvuke. Hizo ndizo zinazofanya karanga "iwe nzito", kama alivyosema Yaya. Gramu 35 za mwisho ni karanga iliyosagwa iliyoganda kwenye mashine. Hizo hazikuwa maji. Zimebaki kule pamoja na protini yake na mafuta yake. Ukigawa kwa 890 unajifanya kwamba ile karanga ya mashineni ilikuachia virutubisho vyake vyote vikaingia kwenye chupa yako. Ukimwaga nusu ya supu, nusu iliyobaki haizidi kuwa na chumvi.

Maganda, gramu 30, yako katikati. Hayana mafuta mengi, zaidi ni nyuzi, ile fibri ya etiketi, kwa hiyo kuyatoa kunapandisha mafuta kidogo na kushusha nyuzi kidogo. Kwa jiko la nyumbani nagawa kwa 955 na nakubali kosa dogo. Nikifanya hivyo, protini yako ni 27.0 na mafuta 51.5.

Mafuta tayari yamekutana na chupa, bila bahati. Protini bado haijakutana. Hiyo ina hadithi yake, nitarudi kesho, mwanga umeanza kuchezacheza.

Yaya_Bijou, saa 4:02 usiku

Sawa docta, hiyo ya supu imeniingia. Ila kwenye maandazi yangu hakuna mashine, kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi 😀

Kivu_Moja, Jumatatu saa 12:40 asubuhi

Nilidhani mnaongelea soko, kumbe ni darasa. Naendelea kusoma.

Fundi_Maabara, Jumatatu saa 1:15 usiku

Haya, protini. Wengi hawajui kwamba maabara karibu kamwe haipimi protini yenyewe. Tunapima azoti, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita nitrojeni, kisha tunazidisha kwa namba fulani tunapata protini. Na namba hiyo ndiyo inayowagombanisha.

Sheria ya etiketi ya Ulaya inasema: chakula chochote kile, azoti mara 6.25. Namba hiyo inachukulia kwamba protini ina azoti asilimia 16, na 100 kwa 16 ni 6.25. Nyama, karanga, unga, vyote kapu moja. Wamarekani walioandika jedwali la programu yako wanafuata namba ambazo mkemia Jones alizitoa mwaka 1931, kila chakula na yake. Maziwa 6.38, unga wa ngano 5.70, karanga 5.46. Protini ya karanga imejaa azoti kuliko kawaida, kwa hiyo unazidisha kwa namba ndogo.

Sasa chukua karanga zako zilezile. 27.0 ugawe kwa 5.46, unapata azoti. Zidisha kwa 6.25. Jibu ni 30.9. Yaani ukizipeleka Ulaya zikaandikiwa etiketi, chupa yako ingesoma protini 31, na ya kwao 29. Au ugeuze: 29 yao ukiisoma Kimarekani ni kama 25.

Kwa hiyo hujaibiwa protini. Umesoma mita mbili tofauti.

Katuba_Chuma, saa 1:29 usiku

Ngoja. Kwa hiyo 27 au 31? Kocha anataka namba moja.

Fundi_Maabara, saa 1:36 usiku

Ningeandika 27, kwa sababu 5.46 iko karibu zaidi na karanga ilivyo. Lakini kama vyakula vingine vyote unavisoma kwenye etiketi za Ulaya, kubali 31 ili vyote viwe kwenye mita moja. Kibaya ni kuchanganya ndani ya siku moja, halafu jioni ukashangaa kwa nini jumla inaruka.

Chupa_Tupu, saa 1:50 usiku

Mnajisumbua. Etiketi zote ni uongo wa biashara. Mimi nina chupa ya Kimarekani, kaka yangu ameniletea. Kipimo cha gramu 32: kalori 190, mafuta 16, wanga 7, protini 8. Piga hesabu ya shule: 16 mara 9 ni 144, 7 mara 4 ni 28, 8 mara 4 ni 32. Jumla 204. Wao wameandika 190. Kalori 14 zimeliwa na nani?

Fundi_Maabara, saa 2:25 usiku

Swali zuri, ingawa hukumu umeitoa mapema.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza ni kukata namba. Marekani kalori zikizidi 50 kwa kipimo kimoja, zinaandikwa kwa makumi: 186 inakuwa 190, 194 inakuwa 190. Protini na wanga zinaandikwa kwa gramu nzima, na mafuta pia yakifika 5. Ile 8 ya protini inaweza kuwa 7.5 au 8.4. Haionekani kitu, mpaka uizidishe ili upate gramu 100: 7.5 inakuwa 23.4, na 8.4 inakuwa 26.3. Karibu gramu tatu, na hakuna mtu aliyedanganya. Kosa dogo la kijiko kimoja limevimba. Etiketi ya Ulaya inaandikwa kwa gramu 100 moja kwa moja, kwa hiyo halivimbi hivyo. Kule chini ya gramu 10 wanaacha desimali moja, kuanzia 10 wanaandika gramu nzima.

La pili ni kwamba 9, 4, 4 si sheria pekee. Wamarekani wanaruhusu njia kadhaa za kupata kalori. Mojawapo ni kutumia namba za chakula chenyewe, na ndizo zilizo kwenye programu ya Katuba. Karanga ikiliwa, sehemu ya mafuta yake na protini yake hupita tumboni bila kunyonywa, kwa hiyo waliipa karanga namba ndogo. Jaribu na karanga mbichi za jedwali:

```
49.2 × 8.37 = 411.8   mafuta
25.8 × 3.47 =  89.5   protini
16.1 × 4.07 =  65.5   wanga
jumla         566.8
```

Ndiyo 567 yako, Katuba. Ukitumia 9, 4, 4 kwenye namba zilezile unapata 610. Ukitumia njia ya Ulaya, ambapo nyuzi zinahesabiwa kalori 2 tu kwa gramu, unapata 593. Karanga ileile imekaa mezani, haijasogea.

Katuba_Chuma, saa 2:41 usiku

Sasa naanza kuona. 593 nikigawa kwa 0.955 napata 621. Chupa inasema 614.

Fundi_Maabara, saa 2:44 usiku

Hapo hapo. Kalori 7 kati ya 600. Hata shamba moja na lingine hutofautiana zaidi ya hapo.

Yaya_Bijou, saa 2:58 usiku

Nami nimepiga hesabu ya ile chupa ya Ulaya kwa njia yao: 51 mara 9, 29 mara 4, 6.9 mara 4, 8.3 mara 2. Napata 619. Wameandika 614. Bado kuna 5 zimekosekana!

Fundi_Maabara, saa 3:10 usiku

Kwa sababu wao hawakuzidisha 51. Kalori hupigwa kwa namba ambazo hazijakatwa, halafu kila mstari unakatwa peke yake. Tuseme mafuta yalikuwa 50.6 na protini 28.6. Piga tena.

Yaya_Bijou, saa 3:16 usiku

614 kamili! Haki ya Mungu.

Fundi_Maabara, saa 3:19 usiku

Usishangilie sana, nimechagua namba ambazo najua zitatoa hilo jibu. Lakini kazi huwa hivyo. Na msijaribu kugeuza kJ kwenda kalori ili kuwahakiki: 2542 ugawe kwa 4.184 ni 608, si 614. Sheria yao ina namba za kJ peke yake, mafuta 37, protini na wanga 17, nyuzi 8, na 37 si 9 kamili ukiigeuza. Mistari miwili ya etiketi moja, na haikubaliani. Nilishawahi kupigiwa simu na mteja mwenye hasira kwa jambo hilo.

Mama_Mapacha, saa 3:40 usiku

Samahani, naingilia. Mimi ni mama wa mtoto mwenye sukari, anachoma insulini, na tunahesabu wanga kila mlo. Mmesema mengi ya protini, lakini mimi nimeona ile 16.1 na ile 6.9. Kwangu hiyo si mchezo. Niandike ipi?

Fundi_Maabara, saa 4:05 usiku

Mama, asante kwa kuuliza. Hiyo nilitakiwa niiseme mwanzo.

Neno la jedwali la Marekani linajumlisha nyuzi ndani ya wanga. "Glusidi" ya etiketi ya Ulaya inaziacha nje, ndiyo maana fibri ina mstari wake. Katika ile 16.1, gramu 8.5 ni nyuzi. Ukizitoa inabaki 7.6, na hiyo ndiyo ndugu wa 6.9 ya chupa. Nyuzi hazipandishi sukari ya damu kama wanga mwingine.

Namna ya kujua uko upande gani: kama nyuzi zimeandikwa kwa kuingizwa ndani, chini ya mstari wa wanga, basi zimo. Kama zina mstari wake sawa na wengine, basi hazimo. Chupa ya Chupa_Tupu ni ya aina ya kwanza, ya Katuba ni ya pili.

Lakini usibadili dozi kwa maneno yangu. Muulize muuguzi au daktari aliyewafundisha: hesabu ya mtoto ilipangwa na nyuzi au bila nyuzi? Kisha mfuate hiyo moja kwenye kila chakula. Kwenye kijiko kimoja cha karanga tofauti ni gramu moja na kitu. Kwenye bakuli la maharage ni kubwa zaidi.

Mama_Mapacha, saa 4:12 usiku

Kwenye karatasi yetu wameandika "glusidi" tu. Tuna miadi Alhamisi, nitauliza.

Chupa_Tupu, saa 4:30 usiku

Na mimi bado nasema. Nimesikia sheria inawaruhusu kukosea asilimia 20. Huo si uongo ulioandikishwa?

Fundi_Maabara, Jumanne saa 1:02 asubuhi

Mwongozo wa Ulaya, kwa protini iliyo kati ya gramu 10 na 40, unakubali asilimia 20 juu au chini. Chupa ya 29 inaweza kupimwa ikaonekana 24 au 34 na isishitakiwe. Mafuta yakizidi 40 wanakubali gramu 8 kila upande. Kiwanda hakipimi kila chupa. Kinaandika wastani, halafu karanga za msimu huu zinakuja zimekauka kuliko za msimu uliopita. Sitasema hakuna anayeutumia mwanya huo. Nimewahi kuona mtu akichagua upande wa namba uliompendeza.

Katuba_Chuma, Jumanne saa 2:20 usiku

Leo nimerudi kwa mwenye mashine nikaomba msamaha wa moyoni, maana yeye hajui kama nilimshuku. Nikamwomba nione ndani ya mashine kabla ya kusaga. Ilikuwa safi, ila kwenye kona za chini kulikuwa na karanga ya mtu aliyenitangulia. Kwa hiyo zile 35 nilizoacha, labda nimebeba za mwingine kidogo.

Nimeandika kwenye kayee: kalori 621, protini 27, mafuta 51.5, wanga bila nyuzi 8.

Docta, swali moja limebaki. Umesema nikitumia 6.25 protini yangu inapanda hadi 31. Zile gramu nne zimetoka wapi? Gramu 100 haziwezi kuwa 104.

Fundi_Maabara, saa 2:48 usiku

Umenikamata vizuri. Zinatoka kwenye wanga. Wanga wa jedwali haupimwi, ni mabaki: unachukua 100, unatoa maji, protini, mafuta na majivu, yaani madini, kinachobaki unakiita wanga. Protini ikipanda kwa namba ya kuzidisha, wanga unashuka kwa gramu zilezile. Kwa hiyo Kiulaya wanga wako bila nyuzi si 8, ni kama 4. Kalori hazibadiliki, kwa sababu zote mbili zinazidishwa kwa 4.

Yaya_Bijou, saa 2:55 usiku

Basi ile 7.6 kukaribia 6.9 ya chupa, nayo ilikuwa bahati kama 29 yangu?

Fundi_Maabara, saa 3:01 usiku

Kwa sehemu, ndiyo. 4 kwa 6.9, hiyo ni pengo ambalo kukata namba hakulielezi. Inaweza kuwa maganda, inaweza kuwa aina ya karanga, inaweza kuwa karanga za Katuba zilikuwa na maji tofauti na ya jedwali tangu sokoni. Katuba, ukinunua tena, chukua gramu 100 mbichi, ziponde, uziweke kwenye oveni kwa moto mdogo kabisa mpaka uzito usishuke tena, halafu uniambie imebaki ngapi. Jedwali linasema zinapoteza 6.5.

Katuba_Chuma, saa 3:09 usiku

Sina oveni. Kuna mama wa mikate hapa mtaa wa pili, nitamwomba Jumamosi.